Barua ya Laini Saba

“Tunaomba mtupatie bei ya laini za biashara zenye kifurushi cha pamoja. Tunahitaji laini saba. Tutashukuru kwa majibu ya haraka.”

Barua za namna hii zinafika kila siku kwenye idara za wateja wa biashara za kampuni za simu. Ina adabu na imepigwa muhuri, lakini haimwambii anayeipokea jambo lolote la kumsaidia kupanga bei. Kwa hiyo ofisa wa mauzo anafanya ambalo ofisa yeyote wa mauzo angelifanya: anamrudishia mwenye duka brosha yenye vifurushi vitatu, kidogo, cha kati na kikubwa, na ushauri kwamba cha kati kinawafaa wateja wengi. Kampuni ya pili inajibu kwa dakika na GB za mpangilio mwingine kabisa. Ya tatu inapiga simu na kutaka kuja dukani. Wiki ikiisha mwenye duka ana karatasi mbili zisizolinganishika na ahadi ya mgeni, naye anaishia kuchagua kampuni ambayo ofisa wake alikuwa mchangamfu zaidi.

Tofauti kati ya barua hiyo na ile inayoleta bei ya kweli ni kazi ya jioni moja, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kabla ya kalamu kushikwa.

Tuchukue duka la mfano, la vipuri vya pikipiki. Duka kuu liko Kariakoo, matawi yako Mbagala na Morogoro, na stoo iko mtaa wa nyuma. Simu zinazofanya kazi ya duka ni saba: ya mmiliki, tatu za kaunta, ya mtunza stoo na mbili za vijana wanaopeleka mizigo. Kila mtu anajiunga bando lake, kisha Jumamosi anakuja na madai ya vocha. Mmiliki analipa bila kujua analipia nini. Hapo ndipo wazo la kifurushi cha pamoja linapoingia: duka linanunua GB na dakika mara moja kwa mwezi, na laini zote zinachota humo.

Kabla ya kuomba bei, mmiliki anapaswa kujua wanachota kiasi gani. Simu za Android zinaonyesha kwenye mipangilio, sehemu ya matumizi ya data, jumla ya mwezi na mgawanyo wa kila programu. Mgawanyo huo ni muhimu kuliko jumla, kwa sababu ndio unaotenganisha WhatsApp ya kazi na video za usiku. Dakika zinahitaji subira kidogo, maana kumbukumbu ya simu zilizopigwa lazima ijumlishwe kwa wiki moja ya kawaida kisha izidishwe mara nne na ushei. Wiki ya sikukuu haifai kupimia, wala wiki ambayo duka lilifungwa kwa ajili ya kuhesabu mali.

Tuseme hesabu ya duka letu imetoka hivi kwa mwezi. Kaunta ya Kariakoo inatumia GB 18, kwa kuwa huko ndiko picha na video fupi za vipuri zinakotumwa kwa mafundi wa mikoani wanaotaka kuona kitu kabla ya kulipa. Mmiliki anatumia GB 9. Mbagala na Morogoro ni GB 6 kila moja, vijana wa mizigo GB 4 kila mmoja, na mtunza stoo GB 3 tu. Jumla ni GB 50.

Sasa angalia kinachotokea kila laini ikinunuliwa kifurushi chake cha GB 8. Duka limelipia GB 56, zaidi ya mahitaji yake, lakini Kariakoo inapungukiwa GB 10 na mmiliki GB 1, wakati laini nyingine tano zinaacha GB 17 zikiisha muda bila kuguswa. Anayepungukiwa anajiunga bando la siku, ambalo kwa kawaida bei yake kwa kila MB ni ya juu kuliko la mwezi. Hasara ya duka hili imo humo, na kifurushi cha pamoja kinaiondoa kwa sababu kilichobaki stoo kinatumika kaunta.

Lakini kifurushi cha pamoja kina ugonjwa wake, nao ndio unaopaswa kuandikwa kwenye barua kwa urefu kuliko jambo lingine lolote. Pipa la maji la nyumba ya wapangaji halijui nani anafua na nani anakunywa. Video yenye ubora wa HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Kijana mmoja wa mizigo akitazama mechi ya saa mbili kwa ubora huo, jioni moja imeondoka na GB 6, yaani mgao wote wa mwezi wa tawi la Mbagala. Mechi kumi zinazidi mahitaji ya duka zima. Wala kijana hajaiba. Amepewa simu ya kazi ambayo bando lake halionekani kuisha, na hakuna aliyemwambia kuna kikomo.

Ndiyo maana mwenye duka hatakiwi kuishia kwenye “bei gani?”. Anapaswa kuuliza kama kila laini inaweza kuwekewa kikomo chake ndani ya kifurushi, nani anakiweka, na kama kinaweza kubadilishwa katikati ya mwezi bila kuandika barua nyingine. Kampuni nyingine humpa mteja wa biashara ukurasa wa mtandaoni wa kujigawia mwenyewe. Nyingine hufanya kwa maombi ya barua pepe kwa ofisa wa akaunti. Kwa duka lenye watu saba njia zote mbili zinafaa, ila ya pili ni mateso siku ofisa huyo akiwa likizo.

Swali linalofuata ni nini hutokea kifurushi kikiisha kabla ya tarehe. Majibu yanayowezekana ni matatu: intaneti inakatika hadi mtu anunue nyongeza, inaendelea kwa kasi ndogo, au inaendelea kama kawaida huku ikitozwa bei ya nje ya kifurushi. La tatu ndilo linaloumiza, hasa kwa laini za malipo ya baada. Tukikadiria shilingi 9 kwa MB, GB 5 za ziada, ambazo ni MB 5,120, zinafika shilingi 46,080. Kiasi hicho hakionekani popote kwenye brosha, kinaonekana kwenye ankara ya mwezi unaofuata.

Kwa maelezo hayo mkononi, barua yenyewe inaandikika. Inaweza kusomeka hivi:

“Meneja, Idara ya Wateja wa Biashara.

YAH: MAOMBI YA BEI YA LAINI SABA ZENYE KIFURUSHI CHA PAMOJA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni duka la vipuri vya pikipiki lenye leseni ya biashara na TIN, nakala zimeambatishwa. Tuna sehemu nne za kazi: duka na stoo Kariakoo, tawi la Mbagala na tawi la Morogoro mjini.

Tunaomba bei ya mwezi kwa laini saba zitakazotumia kifurushi kimoja. Matumizi yetu ya sasa ni takribani GB 50 na dakika 2,400, ambazo 900 kati yake ni simu za sisi kwa sisi na zilizobaki ni za kwenda mitandao yote. Mgawanyo wa kila laini uko kwenye jedwali lililoambatishwa. Tafadhali tupeni bei ya GB 50 na ya GB 60, ili tuone gharama ya kuwa na akiba.

Tunaomba bei iandikwe kwa sehemu mbili, kabla ya kodi na baada ya kodi zote. Mtueleze pia: kama kila laini inaweza kuwekewa kikomo, kinachotokea kifurushi kikiisha kabla ya muda na bei ya nyongeza, kama salio la mwezi linahamia mwezi unaofuata na kwa sharti gani, kama simu za laini zetu kwa zetu zinatozwa au ni bure, kiasi cha amana, muda wa mkataba na gharama ya kuuvunja au kupunguza laini kabla ya muda.

Laini tano kati ya saba zina namba ambazo wateja wetu wanazijua na tungependa kubaki nazo. Mbili kati ya hizo ziko mtandao mwingine. Tuelezeni utaratibu na muda.

Kabla ya kuamua tunaomba laini mbili za majaribio kwa siku saba, moja kwa ajili ya stoo, ambayo iko chini ya jengo la ghorofa, na moja ya Morogoro.

Tunaomba majibu kwa maandishi, yenye tarehe ya mwisho wa uhalali wa bei, kwa anwani ya barua pepe hapo juu.”

Barua hiyo inatosha ukurasa mmoja, na jedwali la laini saba linakaa ukurasa wa pili. Inapelekwa kwa kampuni tatu siku moja, neno kwa neno. Mwenye duka akimwongezea mmoja sharti ambalo wengine hawakupewa, ameharibu ulinganisho wake mwenyewe. Na ipelekwe kwa idara ya biashara au kwa ofisa aliyeko kwenye duka la kampuni. Anayepokea simu za huduma kwa wateja amezoea laini iliyofungwa na vocha isiyoingia, na hapangi bei za mikataba.

Dakika zimetenganishwa kwenye barua kwa sababu. Kampuni nyingi huwa tayari kufanya simu za laini za mteja mmoja kwenda kwa wenzake kuwa bure au za bei ndogo sana, kwa kuwa simu hizo hazitoki nje ya mtandao wao. Simu ya kwenda mtandao mwingine inawagharimu, kwani wanamlipa mwenzao anayeipokea. Duka lisilosema kwamba dakika 900 ni za kaunta kuulizia stoo kama kuna cheni au taa za nyuma litauziwa dakika 2,400 za mitandao yote, na zile 900 litakuwa limelipia bei ya juu bila sababu.

Suala la kodi linastahili mfano wake. Tanzania Bara huduma za mawasiliano hutozwa ushuru wa bidhaa, tuseme wa asilimia 17 kwa mfano huu, kisha VAT ya kiwango cha kawaida cha asilimia 18 hukokotolewa juu ya bei ambayo tayari ina ushuru huo. Watu wengi hujumlisha 17 na 18 wakapata 35, ilhali ongezeko halisi ni asilimia 38 na nukta chache. Tuseme kampuni ya kwanza imeleta shilingi 240,000 kwa mwezi, na chini kwa herufi ndogo imeandika kwamba bei haijumuishi kodi. Ya pili imeleta 310,000, kila kitu ndani. Kwa jicho la haraka ya kwanza ni nafuu kwa 70,000. Weka ushuru inakuwa 280,800. Weka VAT inafika 331,344. Sasa ya pili ndiyo nafuu, kwa shilingi 21,344 kila mwezi.

Duka lililosajiliwa kwa VAT lina jambo la ziada la kuangalia. VAT iliyolipwa kwenye ankara za simu za biashara linaweza kuidai kama kodi ya manunuzi, mradi risiti imetoka kwa jina la biashara na namba zake. Vocha saba zinazonunuliwa kibandani kila mmoja kivyake hazileti karatasi hiyo. Hii pekee wakati mwingine inatosha kumshawishi mhasibu, hata kama bei ya GB ni ile ile.

Kuna laini nyingine ambazo barua yetu haikuzihesabu, na ni kwa makusudi: za mashine za EFD. Mashine ya risiti hutuma taarifa za mauzo TRA kwa njia ya mtandao wa simu, na inahitaji data kidogo sana. Mara nyingi laini yake imeletwa na msambazaji wa mashine. Lakini pale ambapo laini ni ya duka, kishawishi ni kuiingiza kwenye kifurushi cha pamoja ili kuokoa hela mbili tatu. Ni uchumi mbovu. Siku kifurushi kinapoliwa na mechi, mashine nayo inashindwa kutuma, na mwenye duka anajikuta akimweleza ofisa wa kodi habari za mpira. Laini hiyo ibaki na bando lake dogo, peke yake.

Ugumu mkubwa kuliko wote, hata hivyo, hauko kwenye bei. Uko kwenye majina. Namba ya kaunta ya Kariakoo, ile iliyochorwa ukutani na kuandikwa kwenye mifuko, pengine imesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha muuzaji aliyeajiriwa miaka mitatu iliyopita. Tangu usajili wa alama za vidole uwe lazima na laini zisizosajiliwa zianze kuzimwa Januari 2020, kila laini ina mtu au taasisi inayoimiliki kwenye kumbukumbu, na mmiliki wa duka si lazima awe ndiye. Kila mfanyakazi akipiga *106# na kufuata maelekezo ataona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Zoezi hilo lifanyike kabla ya barua kuondoka, kwa kuwa kuhamisha umiliki kwenda jina la biashara kunahitaji aliyesajiliwa awepo na akubali. Aliyeacha kazi kwa ugomvi hatakuja.

Fedha nazo zina mahali pake katika mpango huu. Namba ikibadili mmiliki, akaunti ya fedha mtandaoni iliyofungwa kwenye namba hiyo ni ya yule aliyesajiliwa mwanzo, kwa hiyo salio litolewe kwanza. Kwa zile namba mbili zilizoko mtandao mwingine, Tanzania imeruhusu kuhama mtandao bila kubadili namba tangu Machi 2017: mteja anakwenda kwa kampuni anayohamia, anajaza fomu na kutuma neno HAMA kwenda 15080. Kinachohama ni namba tu. Salio la muda wa maongezi, bando na fedha zilizo kwenye simu havivuki. Deni la malipo ya baada likiwepo, maombi hayapiti.

Majibu yakifika, yanasomwa kwa kutafuta kisichojibiwa. Kampuni iliyojaza vizuri safu ya bei lakini ikaruka swali la kifurushi kuisha kabla ya muda haijasahau. Iandikiwe tena, kwa mstari mmoja, ikiombwa ijibu hilo tu. Neno “bila kikomo” nalo lifuatiliwe hadi kwenye masharti ya matumizi ya haki, ambako kwa kawaida kuna kiwango cha GB ambacho kikipita kasi inashuka. Kuhusu salio la mwezi, sharti linalojitokeza mara nyingi ni kwamba linahamia iwapo kifurushi kipya kimelipiwa kabla cha zamani hakijaisha. Ankara ikichelewa kulipwa kwa siku moja, akiba imepotea.

Majaribio ya siku saba nayo yana namna yake. Laini ya stoo isijaribiwe mlangoni. Mtunza stoo aingie hadi kwenye rafu za mwisho, apige simu, atume picha ya kipuri kwenda kaunta, na afanye hivyo saa nne asubuhi na tena saa kumi jioni, wakati Kariakoo imejaa watu na minara inabeba mzigo wa mtaa mzima. Picha ikikaa dakika mbili ikizunguka, punguzo lolote la bei halitaifanya ifike. Kwa duka lenye stoo ya chini ya ardhi, huenda jibu likawa ruta ya intaneti ya waya kwa ajili ya stoo na laini sita tu kwenye kifurushi, na bei iombwe upya kwa idadi hiyo.

Kabla ya kusaini, mwenye duka amtaje kwa maandishi mtu mmoja au wawili wenye mamlaka ya kuagiza mabadiliko kwenye akaunti: kufunga laini iliyopotea, kuomba kadi mpya, kubadili kikomo. Kampuni ikiwa na majina hayo na saini zao, muuzaji aliyeondoka hawezi kwenda dukani kwao na kuomba kadi mpya ya namba ya kaunta kwa maelezo kwamba simu imeibiwa. Na siku mfanyakazi anapoaga, simu inarudishwa, kikomo chake kinashushwa hadi sifuri, WhatsApp ya namba hiyo inafunguliwa kwenye simu ya anayempokea, na mafundi wa Ifakara wanaendelea kuulizia bei ya taa za nyuma kwenye namba ile ile.